Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: woga kabla ya hotuba ya kwanza ya kujitambulisha mbele ya wakubwa wa kazi

Hotuba inayozungumziwa hapa ni ile ya dakika moja hadi tatu ambayo mfanyakazi mgeni huambiwa aitoe kwenye kikao cha menejimenti au cha wakuu wa idara. Huenda ndiyo fupi kuliko zote utakazowahi kutoa kazini, na ugumu wake unatokana na ufupi huo: inaisha kabla mwili haujatulia. Majibu mengi hapa chini yanazunguka jambo hilo moja.

Nikiwa na wenzangu naongea vizuri tu. Kwa nini nikisimama mbele ya wakubwa sauti inagoma?

Wingi wa watu si kitu kikubwa sana. Kinachoushtua mwili ni kujua kwamba anayekusikiliza anakupima, na kwamba huna namna ya kuyaongoza mambo yatakavyokwenda.

Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walichapisha jaribio la kuamsha msongo ambalo hadi leo linatumika katika maabara nyingi. Mshiriki hupewa muda mfupi wa kujiandaa, kisha husimama mbele ya jopo na kujieleza kwa dakika 5 kama mtu anayeomba kazi. Wanajopo wamefundishwa kutotabasamu na kutotikisa kichwa. Baada ya hapo anapewa hesabu za kutoa, azifanye kwa sauti mbele yao. Kwa washiriki wengi mapigo ya moyo hupanda na homoni ya kotisoli huongezeka. Kwa hiyo wanasayansi walipotafuta njia ya kumtia mtu mzima msongo bila kumdhuru, walichochagua ni kujinadi mbele ya watu wenye mamlaka ya kumpima. Ukitetemeka katika hali hiyo hiyo, mwili wako unafanya kazi kama ya watu wengine.

Mwaka 2004 watafiti wawili, Dickerson na Kemeny, walikusanya tafiti 208 za msongo wa maabara na kuzilinganisha. Kotisoli ilipanda zaidi pale mambo mawili yalipokutana: mtu anapimwa na wengine, na hana uwezo wa kubadili matokeo. La kwanza hutaliondoa, kwa sababu wakubwa watakupima, na ni haki yao. La pili linapunguzika sana, na hapo ndipo pa kuweka nguvu zako.

Anza na katibu wa kikao au yeyote anayeandaa ajenda. Ujumbe mfupi unatosha: "Habari za kazi. Kesho natakiwa kujitambulisha kwenye kikao cha saa 4. Naomba kujua nitakuwa wa ngapi, nitapewa dakika ngapi, na kama huwa tunasimama au tunaongea tukiwa tumekaa." Ukipata majibu hayo matatu, sehemu kubwa ya yale unayoyawaza usiku inakosa pa kushika. Ongeza la nne ukiweza: nani atakukaribisha, na atasema nini juu yako. Mwenyekiti akishataja jina lako na cheo chako, sentensi yako ya kwanza ikarudia yale yale, unaweza kujikuta umepoteza mwelekeo kabla hujaanza.

Woga unafika kileleni lini? Nitatetemeka hotuba nzima?

Watafiti waliopima mapigo ya moyo ya wazungumzaji wameona mpangilio unaojirudia. Moyo unaanza kupanda wakati wa kusubiri, unafika juu kabisa unapofungua kinywa na katika sekunde za mwanzo, halafu unashuka wenyewe kadiri unavyoendelea kuongea. Hotuba ikiwa ya dakika 20, mzungumzaji anakuwa ameshapoa mapema na sehemu kubwa anaitoa akiwa mtulivu. Yako ni ya dakika 2. Kile kilele kinakula nusu yake au zaidi.

Hii ina maana kwamba ushauri mwingi unaotolewa kwa watoa mada, kama vile "utazoea ukishaanza", haukusaidii sana. Hutakuwa na muda wa kuzoea. Inabidi mwanzo wa hotuba yako uwe unaweza kusemwa na mtu mwenye moyo unaodunda, mdomo mkavu na pumzi fupi, kwa sababu mtu huyo ndiye atakayeusema.

Basi niandae nini hasa? Nikariri kila neno?

Usikariri yote. Kariri sentensi tatu za mwanzo na moja ya mwisho, neno kwa neno, mpaka uweze kuzitamka huku unafunga viatu. Zilizobaki zijue kwa mtiririko tu: kwanza kisa, kisha kazi utakayofanya. Anayekariri kila kitu hukwama vibaya neno moja likiponyoka, maana kila neno limeshikwa na lililotangulia.

Tuchukue mfano wa mkaguzi wa ndani aliyeajiriwa karibuni, anayetakiwa kujitambulisha mbele ya wakurugenzi. Rasimu yake ya kwanza inaanza hivi:

"Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu kwanza kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uhai na afya njema hata tukaweza kukutana hapa, pili kuushukuru uongozi mzima kwa imani kubwa mliyonipa ambayo kwa kweli sikuitarajia, na tatu niseme tu kwamba mimi ni mtu mdogo sana kusimama mbele ya watu wazito kama nyinyi..."

Adabu ipo, nia ni njema, na kwa mtu mwenye woga mwanzo huu ni mtego. Isome kwa sauti uone. Ni sentensi moja isiyo na kituo, na mtu mwenye pumzi fupi ataishiwa hewa kabla ya kufika "pili". Ndani yake kuna hesabu ya kwanza, pili, tatu, na hesabu ndiyo inayopotea mapema kichwa kikivurugika. Halafu inamalizia kwa kujishusha, kwa hiyo katika sekunde zile ambazo moyo uko juu kabisa, anajisikia mwenyewe akitamka kwamba hastahili kuwa pale.

Rasimu ya pili inasema:

"Habari za asubuhi, Mwenyekiti na wakuu wangu wa kazi. Mimi ni mkaguzi mpya wa ndani. Nimeanza mwezi huu.

Kwa miaka 4 nilikuwa nakagua stoo. Siku moja leja ilionyesha tuna maboksi 60 ya wino wa printa, nikahesabu rafuni nikakuta 42. Yale 18 hayakuwa yameibwa. Yalikuwa yametolewa kwa idara nyingine, na hati ya kutolea ikasahaulika kuingizwa. Tangu hapo, kabla ya kumshuku mtu, natafuta hati.

Hapa nitashughulika na stoo na manunuzi. Wiki zijazo nitapita idara moja moja kuomba hati za miezi mitatu iliyopita. Asanteni kwa kunipokea."

Angalia kilichobadilika. Sentensi tatu za mwanzo ni fupi kiasi kwamba kila moja inatoka kwa pumzi moja hata kama pumzi yenyewe ni ndogo. Baada ya "mwezi huu" kuna kituo cha kweli, pa kuvuta hewa bila mtu kushangaa. Kisha kinakuja kisa, na kisa kinasaidia kwa sababu ambayo wengi hawaifikirii: tukio ulilolipitia mwenyewe hulikariri, unalikumbuka. Unaliona rafu, unaiona leja, maneno yanafuata. Ndiyo maana kisa kinakaa katikati, mahali ambapo kumbukumbu ya maneno inaweza kukuangusha. Tena kinawaambia wakurugenzi jinsi anavyofanya kazi, jambo ambalo kusema "mimi ni mchapakazi na mwadilifu" hakuwezi kuwaambia.

Sentensi za mwisho zinawapa jambo la kutumia: sasa kila mkuu wa idara anajua kuna mtu atabisha hodi, na atataka nini. Na sentensi ya kufunga imeandaliwa mapema, kwa sababu mtu asiye nayo huendelea kuzunguka: "kwa hiyo... kwa hayo machache... basi nadhani... ndiyo hivyo."

Na yeye mtu mdogo amekwenda wapi? Heshima imo katika salamu na katika shukrani ya mwisho. Inatosha.

Salamu na itifaki je? Naogopa kumsahau mkubwa mmoja.

Hofu hiyo ina msingi. Orodha ya vyeo ni kitu kigumu kukumbuka kichwa kikiwa kimechemka, na kosa lake linasikika na kila mtu. Ukiweza, mtaje mwenyekiti peke yake kisha wengine kwa pamoja, kama kwenye mfano hapo juu. Kama wazungumzaji waliokutangulia wameshataja wote, "itifaki imezingatiwa" inakutoa salama. Pale ambapo taratibu za kikao zinalazimisha orodha, iandike kwenye kadi na uisome ukiitazama. Hakuna anayetarajia mgeni ajue vyeo vyote kwa kichwa.

Nifanyeje mazoezi?

Kwa sauti, na ukiwa katika mkao utakaotumia siku hiyo. Kusoma kimyakimya kunakudanganya, kwa sababu kichwani kila sentensi inapita. Ni mdomo unaokuonyesha kwamba "hati ya kutolea ikasahaulika kuingizwa" ni ndefu kwa ulimi mkavu. Ukijikwaa mahali pale pale mara mbili, usijilazimishe. Badili sentensi.

Halafu pima muda kwa simu. Mtu mwenye woga huongea haraka kuliko kawaida yake, kwa hiyo zoezi likitoka dakika 2 kamili, siku yenyewe huenda ukaimaliza mapema, na si neno. Hatari iko upande wa pili: ukiandaa ya dakika 3 kwa nafasi ya dakika 2, utakimbia tangu neno la kwanza, na kukimbia kunamaliza pumzi, pumzi ikiisha sauti inatetemeka.

Zoezi moja ninalolipenda kuliko yote, na ambalo watu wengi hulikwepa, ni hili. Mwombe mwenzako mmoja akae mbele yako, akutazame machoni, asitabasamu, asitikise kichwa, asiseme "ehe". Toa hotuba yote. Mara ya kwanza inakera kweli. Utajisikia kama unazungumza na ukuta na utatamani kucheka au kuacha. Rudia palepale. Kufikia mara ya tatu au ya nne uso ule unaanza kuwa uso tu. Hapo umejifundisha jambo ambalo kusoma karatasi hakukufundishi: kuendelea kuongea bila kupewa ishara kwamba unaendelea vizuri. Wakubwa wengi husikiliza hivyo hivyo, tena bila ubaya wowote.

Ikiwezekana, ingia kwenye chumba cha kikao kikiwa kitupu. Simama pale utakaposimama, sema sentensi zako tatu kwa sauti utakayotumia. Sauti yako ndani ya chumba kikubwa inaweza kukushangaza, na ni afadhali ikushangaze hakuna mtu.

Siku yenyewe nile nini? Kahawa nisinywe?

Kula kidogo, chakula ambacho tumbo lako limekizoea. Kahawa, kama huwa unakunywa, kunywa kiasi chako cha siku zote au pungufu yake. Kafeini huongeza mapigo na mtetemeko ambao tayari unao. Usianze kunywa leo. Maji kunywa kidogo kidogo, na uwe nayo karibu, kwa sababu msongo hupunguza mate. Na pitia chooni kabla ya kikao.

Tunajitambulisha kwa zamu. Nikiona inakaribia kwangu, sisikii tena wengine wanasema nini. Nina tatizo?

Huna. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Malcolm Brenner aliketisha watu pamoja, wakawa wanasoma maneno kwa sauti kwa zamu. Baadaye walipoulizwa, kila mmoja alikumbuka vibaya hasa yale yaliyosomwa muda mfupi kabla ya zamu yake mwenyewe. Akili inakuwa imeshahamia kwenye kile kinachokuja.

Kwa hiyo usijilaumu, ila uilinde hotuba yako dhidi ya hali hiyo. Usipange kuunganisha maneno yako na ya aliyekutangulia, kwa mfano "kama alivyosema mwenzangu", kwa sababu kuna uwezekano mkubwa hutajua alisema nini. Na usitumie zamu hizo kuipitia hotuba nzima kichwani. Ukiirudia upesi upesi huku moyo unadunda, utakwama mahali, na kukwama huko kutakutia hofu kwamba umesahau yote, wakati hujasahau kitu. Rudia sentensi ya kwanza peke yake. Basi. Ukiwa nayo hiyo, mlango uko wazi.

Mtu akiwa wa tatu kutoka kwako, weka miguu yote miwili sakafuni, legeza taya, achanisha meno, shusha mabega. Kisha anza kupumua kama ilivyoelezwa hapa chini.

Kila mtu ananiambia "vuta pumzi ndefu". Nikifanya hivyo nasikia kizunguzungu. Kwa nini?

Kwa sababu ushauri huo umekatwa nusu. Kinachotuliza zaidi ni pumzi ya kutoa. Ukivuta hewa mapigo yanaongeza kasi kidogo, ukiitoa yanapungua. Unaweza kulihisi hilo kwa kushika mshipa wa mkono wako ukiwa umetulia. Anayevuta pumzi kubwa kubwa mfululizo anatoa nje hewa ya kaboni kupita kiasi, na matokeo yake ni kizunguzungu, vidole kufa ganzi na midomo kuchonyota. Wengi wakizipata dalili hizo hudhani wanazidiwa na woga, wakaongeza kuvuta, mambo yakazidi.

Fanya hivi. Vuta hewa kwa pua, kwa kiasi cha kawaida. Juu yake ongeza mvuto mmoja mdogo, kama unayejazia. Kisha itoe kwa mdomo, taratibu, kwa muda mrefu zaidi ya uliotumia kuvuta, mpaka iishe yenyewe. Pumzika kidogo, usiharakishe inayofuata. Mara tatu hadi tano zinatosha. Ukiwa umekaa kwenye kikao, hewa itoe kupitia midomo iliyofunguka kidogo sana na hakuna atakayejua. Vidole vikianza kufa ganzi, ujue umezidisha. Rudi kwenye pumzi yako ya kawaida.

Usitarajie moyo utulie kabisa. Utashuka kidogo, na jambo la maana zaidi ni kwamba utaanza hotuba ukiwa na hewa kifuani. Anayesimama akiwa ameishikilia pumzi hutoa neno la kwanza kwa sauti nyembamba, akajisikia, akaogopa zaidi.

Mikono inatetemeka. Wataniona.

Wataona kidogo sana kuliko unavyodhani. Watafiti Savitsky na Gilovich walichapisha mwaka 2003 utafiti juu ya jambo hili hili. Watu waliotoa hotuba walidhani woga wao ulionekana wazi, lakini waliowatazama waliuona kwa kiwango kidogo. Kisha wakafanya jaribio jingine: baadhi ya wazungumzaji walielezwa kabla ya kuanza kwamba woga wa ndani hauonekani nje kama mtu anavyodhani. Hao walioelezwa hotuba zao zilikuwa nzuri zaidi, kwa maoni yao na kwa maoni ya watazamaji. Hawakupewa mbinu. Walipewa taarifa tu. Nawe sasa unayo.

Hata hivyo kuna vitu vinavyoukuza mtetemeko, na hivyo viepuke. Karatasi ya kawaida ikishikwa kwa mkono mmoja ncha yake inapepea kwa mtetemeko ambao kwenye mkono wenyewe usingeonekana. Andika kwenye kadi ngumu, ukubwa wa kiganja, ishike kwa mikono miwili usawa wa kiuno. Kipaza sauti cha mkononi kilaze karibu na kidevu, kiwiko kikigusa ubavu. Glasi ya maji iliyojaa usiinyanyue. Chupa ni salama zaidi.

Na magoti usiyakaze. Ukisimama umeyafunga kwa nguvu, miguu inaanza kucheza. Yalegeze kidogo sana, uzito ukae sawa kwenye miguu yote.

Sauti ikitetemeka katikati?

Maliza sentensi uliyo nayo, nyamaza, meza mate, vuta hewa, endelea kwa sauti iliyo kubwa kidogo kuliko ya mwanzo. Sauti ndogo hutetemeka zaidi kwa sababu hewa inayoisukuma ni chache. Ukimya huo utauona kama umechukua muda mrefu mno, lakini kwa wanaosikiliza ni kituo tu.

Nikisahau kabisa?

Tazama kadi. Ndiyo kazi yake. Kadi ya yule mkaguzi ingekuwa na mistari sita: mkaguzi mpya wa ndani, stoo, miaka 4, 60 na 42, hati, nitapita idara zenu. Maneno machache kwa herufi kubwa, kwa sababu macho yaliyo na hofu hayasomi aya.

Kama hata kadi haikusaidii, rukia sentensi ya mwisho. Wasikilizaji hawana nakala ya hotuba yako, na hawatajua kwamba kisa cha maboksi kimebaki mfukoni. "Hapa nitashughulika na stoo na manunuzi. Asanteni kwa kunipokea." Umejitambulisha, kikao kinaendelea. Usiombe radhi kwa kusahau, maana mpaka hapo ni wewe peke yako unayejua.

Niwaambie kwamba nina woga?

Kwa hotuba ya dakika 2, sishauri. Ukishasema, wanaanza kuutafuta, na muda wenyewe hautoshi kuwasahaulisha. Kumwambia mtu mmoja kabla ya kikao, aliye karibu nawe, ni jambo jingine na linapunguza mzigo.

Mwenyewe je, ujiambie nini? Wengi hujiambia "tulia, tulia", na mwili unakataa kwa sababu kutoka moyo wa mbio hadi utulivu ni mbali. Utafiti wa Alison Wood Brooks wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba waliojisemea kwa sauti kuwa wana shauku walihutubia vizuri zaidi kuliko waliojisemea kuwa wametulia. Shauku na woga vyote vina moyo unaodunda, kwa hiyo kauli ya shauku mwili unaweza kuikubali. "Nina hamu ya kuwaambia hili" inatosha, mradi kweli uwe na jambo unalotaka kuwaambia. Hapo tena kile kisa kinakufaa.

Nimtazame nani? Mkurugenzi amekunja uso, mwingine yuko kwenye simu.

Sentensi ya kwanza mpe mwenyekiti, kwa adabu. Kuanzia ya pili tafuta uso mmoja uliolegea, mara nyingi ni wa mtu wa ngazi yako au katibu, na umpe sentensi nzima. Kisha hamia kwa mwingine. Usirushe macho huku na huko kutafuta nani amependezwa, kwa sababu uso wa mtu anayesikiliza kwa makini unafanana sana na wa mtu aliyekasirika. Aliye kwenye simu huenda anajibu jambo la saa ile ile. Nimekaa upande wa wanaosikiliza mara nyingi, na naweza kusema kwa yakini kwamba uso wangu wa kumfuatilia mtu si wa kumtia moyo. Tafsiri ya nyuso iache kwa siku nyingine.

Kikao kiko mtandaoni. Kuna nafuu?

Kuna nafuu ya kuweka maandishi mbele yako. Yabandike karibu kabisa na kamera, siyo mezani, la sivyo utaonekana umeinama. Funga picha yako mwenyewe kwenye skrini, kwa sababu kujitazama unavyoongea kunaongeza wasiwasi. Jaribu maikrofoni mapema.

Rafiki yangu hunywa kidonge cha kutuliza moyo kabla ya kuhutubia. Naweza kukitumia?

Huenda anazungumzia propranololi, dawa ya moyo na presha ambayo madaktari wengine huwaandikia pia watu wanaotetemeka jukwaani. Inapunguza mapigo na mtetemeko. Mawazo ya hofu haiyagusi moja kwa moja. Ni hatari kwa mwenye pumu, na inaweza kumdhuru mwenye mapigo ya polepole au presha ya chini. Usichukue cha mtu. Kama woga unakufanya ukatae kazi, ukwepe vikao au uugue siku kadhaa kabla, nenda kwa daktari umweleze hivyo hivyo. Ipo tiba ya dawa na ipo ya mazungumzo. Na dawa yoyote mpya isijaribiwe kwa mara ya kwanza siku ya kikao.

Nimemaliza salama, lakini jioni yote narudia makosa kichwani. Nifanye nini?

Kwanza, mwili wako bado haujatulia. Kotisoli hufika kileleni dakika 10 hadi 20 hivi baada ya hotuba kwisha, kwa hiyo ule mtikisiko unaousikia ukiwa umesharudi kitini ni mabaki ya jambo lililopita. Hukumu unayojitolea wakati huo usiiamini. Ukipata nafasi, tembea kidogo.

Pili, usiwaulize watu "nilifanyaje?" Watakujibu "ulifanya vizuri" na hutawaamini. Chagua mtu mmoja aliyekuwepo, mwulize kesho yake swali lenye jibu: "Nilipojitambulisha jana, ulielewa nitahitaji nini kutoka idara yenu?" Akikwambia "ndiyo, hati za miezi mitatu", hotuba imefanya kazi yake. Akikwambia hakusikia vizuri, unajua pa kurekebisha, na una sababu ya kumwelezea palepale.